Kuhamisha kiyoyozi bila kumwaga gesi: namna ya kuifungia kwenye mashine ya nje, na la kufanya kompresa isipowaka

Ukitaka kujua fundi aliyekuja kufungua kiyoyozi chako anaijua kazi, tazama anachotoa kwanza kwenye begi. Akitoa spana tu na kuanza kulegeza nati za mabomba, mzuie. Dakika chache baadaye gesi yote itakuwa imetoka kwa kishindo, na ukifika nyumba mpya utauziwa gesi nyingine. Akitoa geji ya kupimia presha ya gesi, mpe kiti na maji ya kunywa.

Gesi haihitaji kutoka. Mashine ya nje ya kiyoyozi cha kupasuliwa vipande viwili, yaani ile ya ukutani na ile ya nje, ina vali mbili na nafasi ya kutosha kuhifadhi gesi yote ya mfumo. Kompresa yenyewe ndiyo inayotumika kuivuta kutoka ndani na kuirundika nje, kisha vali zinafungwa na gesi inasafiri ikiwa imefungiwa humo. Mafundi huita kazi hii pampu dauni. Ni kazi ya dakika chache, ila ina mpangilio ambao haugeuzwi.

Sababu ya kutoiachia angani si ya mfuko peke yake. Kilo moja ya R-410A, mojawapo ya gesi za viyoyozi, hulipasha joto anga sawa na zaidi ya tani 2 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100 (kipimo chake ni 2,088, cha R32 ni 675). Ndiyo maana gesi za jamii hii ziliingizwa kwenye Mkataba wa Montreal kwa marekebisho yaliyokubaliwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016.

Jua kwanza una gesi gani

Kabla ya kugusa chochote, soma kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mashine ya nje. Kitakuambia mambo matatu unayoyahitaji: jina la gesi, uzito wake kiwandani, na kama mashine ni ya kupoza tu au inapasha joto pia. Mfano nitakaoufuata hadi mwisho ni kiyoyozi cha BTU 12,000, cha kupoza tu, gesi R-410A, kilo 0.95, mabomba mita 4, kinachohama kutoka Kinondoni kwenda Kigamboni.

Kama kibati kinasema R32, hatua ni zilezile, lakini gesi hiyo inaweza kushika moto ikikusanyika. Fanyia kazi penye upepo, sigara mbali, jiko mbali. Kama kinasema R290, hiyo ni propani, jamaa wa karibu wa gesi ya kupikia. Usijifunzie kwenye mashine hiyo. Tafuta fundi aliyefundishwa kazi ya gesi zinazowaka.

R-22 bado ipo kwenye viyoyozi vya zamani. Presha yake ni ya chini na tundu lake la kupimia ni la robo inchi, wakati la R-410A na R32 ni kubwa kidogo, 5/16. Kwa hiyo mpira wa geji ya R-22 hauingii kwenye R-410A bila kiungio. Usifurahi sana ukipata kiungio: geji iliyotengenezwa kwa R-22 si ya kubeba presha ya R-410A. Tumia geji iliyoandikwa R-410A au R32.

Vifaa vya kuwa navyo mkononi

Geji na mipira yake, spana mbili za kurekebisha, na alenkii ya kufungia vali. Kwa mashine ndogo alenkii huwa ya milimita 5, lakini beba seti nzima kwa sababu mashine kubwa zina tundu pana zaidi. Ongeza glavu, miwani, na mtu wa pili. Huyo wa pili kazi yake ni moja tu: kusimama kwenye breka na kuzima anapoambiwa. Ukifanya peke yako na breka iko chumba cha pili, utachelewa sekunde zilezile zenye maana.

Klampmita inasaidia pia. Kadiri gesi inavyopungua upande wa kunyonya, kompresa inafanya kazi nyepesi na ampea zinashuka. Ni ushahidi wa pili unaothibitisha geji.

Vali mbili na zinavyofanya kazi

Chuchumaa ubavuni mwa mashine ya nje. Utaona mabomba mawili yakiingia kwenye vali mbili za shaba nyeupe zenye vifuniko. Bomba jembamba, kwa BTU 12,000 huwa la robo inchi, ndilo la kioevu: linapeleka gesi iliyogeuka maji ndani ya nyumba. Bomba nene, mara nyingi 3/8 au nusu inchi, linarudisha mvuke kwenye kompresa. Tundu la kupimia liko kwenye vali ya bomba nene.

Sasa fikiri: ukifunga njia ya kioevu huku kompresa ikiendelea kunyonya kupitia bomba nene, kilichomo kwenye mashine ya ndani na mabomba kitavutwa chote kuja nje, na hakitaweza kurudi kwa sababu njia ya kwenda imefungwa. Kikishaisha, unafunga na bomba nene. Hapo ndipo gesi imefungiwa. Ukilielewa hilo, hutachanganya ipi inafungwa kwanza: jembamba, halafu nene.

Ukigeuza, yaani ukifunga nene kwanza, kompresa inanyonya pasipo kitu na gesi ya ndani inabaki ndani. Na ukiwa na mashine ya kupasha joto ukaiacha kwenye joto, mtiririko unakuwa kinyume na bomba nene linageuka la presha kubwa. Kwa hiyo iwe kwenye kupoza daima.

Kazi yenyewe

Mashine ikiwa imezimwa, toa vifuniko vya vali zote mbili na kifuniko cha tundu. Vitunze mfukoni, vitarudi. Jaribu kuzungusha vali nyembamba robo ya mzunguko kwenda kufunga kisha uirudishe. Vali iliyokaa miaka bila kuguswa inaweza kuwa imeganda, na ni afadhali ujue sasa kuliko katikati ya kazi.

Funga mpira wa bluu kwenye tundu la kupimia, vali ya geji ikiwa imefungwa. Sasa toa hewa kwenye mipira: fungua vali ya bluu kwa sekunde moja, upepo utoke kwenye ncha ya mpira wa njano, kisha ifunge. Watu wengi wanaruka hatua hii. Hewa iliyomo kwenye mpira haipotei. Presha ikishashuka, inanyonywa kwenye mfumo pamoja na unyevu wake, nawe utakuja kushangaa nyumba mpya kwa nini mashine inapasha kompresa.

Soma geji. Mashine iliyolala kwenye joto la Dar la nyuzi 30 itaonyesha R-410A karibu 255 hadi 260 psi. Usomaji huu unakuambia kwamba bado kuna kioevu ndani. Haukuambii ni kiasi gani. Presha ya mashine iliyopumzika haitofautishi kilo moja na gramu mia tatu, almuradi kioevu hakijaisha. Ikiwa umeona 80 psi kwenye mashine iliyopumzika, gesi karibu yote imeshavuja. Tafuta pa kuvuja kabla hujahama na tatizo.

Washa kiyoyozi, kupoza, nyuzi 16, feni kasi ya juu. Ikiwa chumba tayari kina baridi, au ni asubuhi ya mvua, thamostati inaweza kukataa kuwasha kompresa. Mashine nyingi zina kitufe cha dharura chini ya kifuniko cha mashine ya ndani ambacho huilazimisha kupoza. Kwa inveta ni muhimu zaidi, kwa sababu inveta inapoona chumba kimepoa hupunguza kasi ya kompresa na kuvuta kwake kunakuwa kwa kusuasua. Soma kijitabu chake, maana kitufe hubonyezwa tofauti kwa kila kampuni.

Acha izunguke kama dakika 10. Hakikisha feni ya nje inazunguka na mapezi hayajazibwa na vumbi, maana gesi yote inakuja kukaa hapo. Kwa mfano wetu geji imetulia kwenye 130 psi. Hiyo ni ya kawaida kwa R-410A siku ya joto.

Sasa funga vali nyembamba. Zungusha alenkii kwa mwendo wa saa hadi ishike, ikaze kwa mkono wa kawaida, usining'inie. Weka alenkii kwenye vali nene na uishikilie hapo. Macho kwenye geji.

Sindano itaanza kushuka. Kwa mabomba mita 4, 130 inafika 60 kwa haraka, 60 hadi 20 inachukua muda kidogo zaidi, na mwisho inakwenda polepole. Mashine ya kawaida inamaliza kwa dakika moja hadi tatu. Ikifika 10 psi anza kuzungusha vali nene. Lenga kumaliza kuifunga sindano ikiwa kati ya 0 na 5. Papo hapo, sauti kwa mwenzako: "Zima!"

Kwa nini isishuke chini ya sifuri? Sifuri ya geji ni presha ya hewa inayotuzunguka. Chini ya hapo mabomba yananyonya, na kama kuna nati iliyolegea hata kidogo, hewa inaingia moja kwa moja hadi kwenye kompresa. Na kwa nini usizime kwanza kisha ufunge? Kwa sababu kompresa ikisimama, gesi iliyobanwa upande wa pili hurudi kupitia valvu zake za ndani na sindano inapanda mbele ya macho yako. Kwa hiyo kufunga kunatangulia, kuzima kunafuata sekunde ileile. Kompresa isiachwe ikizunguka kavu: hupozwa na gesi inayorudi, na gesi hairudi tena.

Zima breka kabisa, si rimoti peke yake. Kwa inveta subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa waya, kwa kuwa kapasita za ubao wake hubaki na umeme.

Subiri, tazama

Hapa ndipo wenye haraka hukosea. Acha geji ikiwa imefungwa na usubiri dakika 5. Sindano itapanda kidogo, labda hadi 10, kwa sababu matone yaliyobaki kwenye mabomba na mafuta yanageuka mvuke. Hilo si tatizo. Ikipanda hadi 40 kisha ikaendelea, ama gesi haikuisha kuvutwa au moja ya vali haifungi. Rudia mara moja: fungua nene, washa, vuta, funga, zima. Ikiwa bado inapanda, vali imechakaa. Mashine hiyo isisafiri na gesi ndani ukitegemea vali, na njia yako ni mtungi, nitakayoieleza chini.

Kwa mfano wetu, sindano ilisimama 8 psi na haikuongezeka. Sawa. Ondoa mpira, rudisha kifuniko cha tundu.

Sasa, na sasa tu, legeza nati za mabomba. Anza na jembamba, taratibu, uso mbali. Mshindo mfupi ni mabaki. Mshindo usioisha ni vali iliyovuja, kwa hiyo kaza nati urudi nyuma.

Nasisitiza neno "sasa tu". Kuna mafundi wanaolegeza nati huku kompresa inazunguka ili "kumalizia haraka". Kompresa ikinyonya hewa na kuibana pamoja na mafuta, joto linapanda mpaka mchanganyiko huwaka wenyewe, kama unavyowaka ndani ya injini ya dizeli, na kasha la kompresa linaweza kupasuka. Watengenezaji huandika onyo hili kwenye vijitabu vyao kwa maneno makali. Usimkubalie mtu yeyote, hata akikwambia: "Mama, nimefanya hivi miaka yote." Mjibu kwa upole: "Fundi, leo fanya kwa utaratibu, nitasubiri."

Midomo ya vali na ya mabomba izibwe mara moja. Nati na kizibo cha plastiki ndiyo bora. Mkanda wa umeme wa kukunja mara nyingi unatosha kwa safari fupi. Mafuta ya R-410A na R32 hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Pwani ina unyevu wa kutosha. Mashine ya nje isafirishwe imesimama. Ikilazwa, mafuta hutoka mahali pake, na utapaswa kuiacha saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Kompresa ikiwa imekufa

Mbinu nzima ya juu inategemea kompresa kunyonya. Ikiwa haiwaki, imeungua, ina valvu dhaifu (inazunguka lakini sindano haishuki), au vali za huduma hazifungi, gesi inatolewa kwa mashine ya kuvutia gesi na kupelekwa kwenye mtungi. Mtungi wake ni maalumu, una vali ya kuingiza na kutoa. Ile mitungi myepesi ambamo gesi mpya huuzwa haifai: ni ya kutumika mara moja, ina vali ya kuzuia kujazwa tena, na wanaoitoboa hiyo vali wanacheza na presha ambayo chuma chake hakikuumbwa kuibeba kila siku. Mtungi wa gesi ya kupikia ndiyo kabisa usiguse.

Mtungi usijazwe zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake. Kioevu huvimba kikipata joto, na kikikosa pa kuvimbia kinapasua chuma. Kwa mfano wetu, kilo 0.95 kwenye mtungi wa lita 12 iko mbali sana na kikomo. Hatari kubwa zaidi kwa fundi wa mtaani ni kuchanganya. Mtungi mmoja, gesi moja. R-410A iliyochanganywa na R-22 haiwezi kutenganishwa kwenye karakana, na hakuna atakayeinunua. Kama kompresa iliungua, gesi yake ina tindikali: iwe kwenye mtungi wake peke yake, iandikwe, isirudishwe kwenye mashine nyingine.

Hatua zenyewe ni hizi. Hakikisha vali zote mbili za mashine ziko wazi, maana hapa unataka mfumo mzima umwagike. Weka mtungi kwenye mizani na uandike uzito. Unganisha tundu la kupimia na mlango wa kuingilia wa mashine ya kuvutia, ukipitisha kwenye kichujio. Mlango wa kutokea uende mtungini. Toa hewa kwenye mipira kama mwanzo. Fungua, washa, tazama geji na mizani kwa pamoja: presha inashuka, uzito unapanda. Hapa ruhusa ipo kushuka chini ya sifuri kidogo kama mfumo hauvuji, kwa sababu nati zote bado zimekazwa. Ukimaliza, funga, subiri dakika 10. Presha ikirudi juu, washa tena, bado kuna kioevu kimejificha kwenye mafuta.

Linganisha uzito na kibati. Ukipata kilo 0.6 kwenye mashine iliyoandikwa 0.95, umejua kuna uvujaji hata kabla hujaanza kuutafuta, na hutajidanganya nyumba mpya kwa kuongeza gesi tu. Mashine ya R32 inahitaji mashine ya kuvutia iliyotengenezwa kwa gesi inayowaka. Ya kawaida ina cheche.

Kama mashine ya kuvutia haipo kabisa, kuna njia ya polepole. Mtungi maalumu, ulio mtupu na uliokwisha kuvutwa hewa, unazamishwa kwenye ndoo ya maji yenye barafu, juu ya mizani, kisha unaunganishwa na mfumo kwa mpira. Gesi huhama kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi: R-410A kwenye nyuzi 30 ina karibu 258 psi, kwenye barafu karibu 100. Sehemu kubwa itahama, ila mvuke wa kama 100 psi utabaki kwenye mashine, na itachukua muda mrefu kwa kuwa mashine nayo hupoa inapopoteza gesi. Ni nusu ya shari kuliko shari kamili.

Kigamboni

Mabomba ya zamani yakikatwa, yakatwe kwa kikatio, si kwa moto. Mwali ukikutana na mabaki ya gesi hutoa mvuke wenye sumu, na R32 inaweza kuwaka.

Baada ya kuunganisha nyumba mpya, vali za mashine ya nje zinabaki zimefungwa. Mabomba na mashine ya ndani vina hewa, kwa hiyo pampu ya vakyumu inanyonya kupitia tundu lilelile hadi kipimo cha vakyumu kisome chini ya maikroni 500, kisha pampu inafungwa na kipimo kinaangaliwa kama kinapanda. Hakikupanda, ndipo unafungua vali nyembamba kwanza, halafu nene, na gesi yako ileile inaingia.

Kwa mfano wetu mabomba mapya ni mita 7, wakati kijitabu kinasema gesi ya kiwandani inatosha mita 5 na kila mita ya ziada ni gramu 20. Ongeza gramu 40 kwa mizani, mtungi ukiwa umepinduliwa ili itoke ikiwa kioevu, kwa kuwa R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili. Rudisha vifuniko vya vali na uvikaze, maana navyo ni kizuizi cha uvujaji, kisha paka povu la sabuni kwenye nati zote nne na kwenye vifuniko hivyo. Andika tarehe na gramu ulizoongeza kwa kalamu isiyofutika pembeni mwa kibati, ili atakayekuja kuihamisha tena asikisie.